Tarehe Niliyoijaza Mwenyewe

Picha yenyewe naikumbuka vizuri kuliko picha nyingi za jamaa zangu. Ilikuwa leseni ya biashara, imewekwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa kwenye ukuta wa mbao, nayo ilipigwa kwa simu na mtu aliyesimama upande kidogo. Kona ya juu palionekana mfuko wa unga wa mahindi. Chini, upande wa kulia, mwanga wa simu ulikuwa umeangukia kioo ukaacha doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Chini ya doa hilo ndipo ilipoandikwa tarehe ya mwisho wa leseni.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika ofisi ya shirika moja lililogawa vocha za chakula kwa wakimbizi. Mkimbizi alichukua vocha yake akaenda nayo dukani, akapewa unga, maharage, mafuta na sabuni. Maduka hayo yalikuwa ya wafanyabiashara wa kawaida wa Koboko na vijiji vya jirani, na kila duka lilipaswa kuwa na leseni iliyo hai. Mwenzetu wa Koboko alizunguka akipiga picha za leseni na kututumia. Kazi yangu ilikuwa kutoa katika picha zile mambo manne na kuyaingiza katika rekodi ya ukaguzi: namba ya cheti, jina la mwenye leseni, tarehe ilipotolewa, na tarehe inapoisha.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi ya mtoto, lakini kila leseni ina mitego yake. Namba ya risiti ya malipo huandikwa karibu na namba ya cheti, na mtu mwenye haraka huichukua hiyo. Jina la duka huwa kubwa kuliko jina la mwenye leseni, na anayetakiwa kwenye rekodi ni mwenye leseni, jina lake liandikwe vilevile lilivyoandikwa kwenye karatasi, hata kama karani wa mji alikosea herufi. Kisha kuna mhuri, nao una tarehe yake, ambayo si lazima iwe tarehe ya kutolewa. Mwaka ule tulikuwa tumeletewa programu ya kompyuta inayosoma picha. Ilitoa yale manne kwa muda wa kukohoa tu, mimi nikabaki wa kuhakiki, nikilinganisha kila kisanduku na picha. Kitu isichoweza kukisoma, programu ilikiacha kitupu na kuandika pembeni kwamba hakisomeki.

Leseni ile ya ukuta wa mbao ilisomwa vizuri. Namba ya cheti ilikuwa sawa. Mwenye leseni alikuwa mwanamke, mjane kama nilivyokuja kujua, na jina lake lilikuwa safi. Ilitolewa tarehe kumi na sita mwezi wa nane. Kisanduku cha nne kilikuwa kitupu.

Hapo inabidi nieleze nilikotoka. Kabla ya kuajiriwa na shirika nilikuwa karani katika ofisi ya mji mmoja mdogo wa huku kwetu, na kwa miaka kadhaa nilijaza leseni kwa mkono wangu. Zamani hizo leseni zote zilikufa siku moja. Uichukue Januari au uichukue Oktoba, ikifika tarehe thelathini na moja Desemba imekwisha, na mwaka mpya unaanza na foleni ya wenye maduka mlangoni. Baadaye sheria ilibadilishwa, leseni ikawa inadumu miezi kumi na miwili kuanzia siku ilipotolewa. Hilo nililijua. Lakini mkono una kumbukumbu yake, na mkono wangu ulikuwa umeandika thelathini na moja Desemba mara nyingi mno.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Septemba, na orodha ya maduka ilitakiwa kufungwa kabla ya watu kwenda nyumbani. Mkuu wangu, mama mmoja kijana kuliko mimi, mpole lakini asiyependa visanduku vitupu, alikuwa amepita mezani kwangu mara mbili kuuliza zimebaki ngapi. Nilimpigia simu yule mwenzetu wa Koboko ili arudi dukani apige picha nyingine. Hakupatikana. Alikuwa ameingia makazi ya wakimbizi ambako mtandao ni wa kubahatisha. Nilijua Jumatatu angekuwa amerudi mjini. Ningeweza kuacha kisanduku kile wazi, nikaandika pembeni kwamba tunasubiri picha, na duka lile likasubiri siku tatu. Utaratibu ulisema hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyewafundisha wageni utaratibu huo.

Nikaandika thelathini na moja Desemba.

Sikuiona kama uongo. Nilijiambia kwamba najua leseni kuliko kompyuta inavyozijua. Nilimwambia mkuu kwamba zote zimekamilika, akashukuru, nikapanda pikipiki yangu kwenda nyumbani Ediofe, na wikendi nzima jambo lile halikunijia hata mara moja. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba halikunijia.

Januari ilipofika, rekodi ilifanya ilichoagizwa kufanya. Kila leseni ambayo tarehe yake imepita ilibadilika rangi kuwa nyekundu, duka likaondolewa kwenye orodha, na ujumbe ukatumwa kwenye simu ya mwenye duka kwamba leseni yake imekwisha muda. Walikuwa wachache. Wengi wao kweli walikuwa wamechelewa. Nilipitisha macho kwenye yale majina, na jina la yule mama lilikuwamo, wala sikushtuka.

Alikuja mwenyewe Jumanne moja asubuhi. Askari wa getini alinipigia kusema kuna mama kutoka Koboko amebeba kitu, anamtaka mtu wa leseni. Nilipoingia kwenye chumba cha wageni nilimkuta ameketi wima, mwanamke wa miaka sitini hivi, gomesi yake, lile vazi refu la heshima la akina mama wa huku, imepigwa pasi kama ya Jumapili, na magotini ana kitu kipana kilichofungwa kwenye kitenge. Alinisalimu taratibu, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, nami nikajibu zote ni njema. Kisha akafungua kitenge. Alikuwa ameing'oa fremu nzima ukutani akaja nayo.

Alisema kwa Kiswahili cha kwetu, "Mwanangu, hii karatasi iko nzima. Mhuri iko, namba iko. Soma wewe mwenyewe."

Nikainama nikasoma. Hapakuwa na mwanga wa simu safari hii. Chini kulia, kwa wino wa bluu, palikuwa pameandikwa kwamba leseni inaisha tarehe kumi na tano mwezi wa nane, mwaka huo tuliokuwa tumeuanza. Ilikuwa imebaki na zaidi ya nusu mwaka wa uhai.

"Nani nasema imekufa?" akauliza.

Nimelijibu swali hilo mara nyingi kichwani, kwa namna nyingi, na zote ni bora kuliko nilivyojibu siku ile. Nilisema, "Ni mfumo, mama. Mfumo ndio ulioonyesha hivyo."

Akaangalia mlango wa ndani. "Huyo mfumo iko hapa ndani? Niitie, nimuonyeshe."

Hakuwa anafanya mzaha. Alidhani ni cheo cha mtu, kama meneja au mhasibu, na alikuwa ametoka Koboko alfajiri ili amtazame mtu huyo usoni. Nikamweleza kwamba ni kompyuta, inasoma picha, na picha ilikuwa na mwanga. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Kompyuta haikuwa imesema chochote juu ya tarehe ile. Ilikuwa imekiri kwamba haioni. Aliyesema ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kilichomleta hasa, nacho hakikuwa vocha. Ujumbe ule aliusomewa dukani, mbele ya wateja, maana macho yake hayakuona vizuri maandishi madogo ya simu. Kabla ya jioni safu nzima ya maduka ilikuwa inasema kwamba yule mjane anauza bila leseni, kwamba karatasi ya ukutani ni ya kudanganyia watu. Kulikuwa na mwanamume wa duka la tatu kutoka kwake aliyesema amemwona akimpa afisa biashara kitu mkononi. Marehemu mume wake alikuwa mzee wa kanisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetunza mfuko wa kikundi cha akina mama sokoni, na juma lile walikuwa wamemwomba kwa upole aupumzishe mikononi mwa mwenzake.

"Njoo Koboko," akasema. "Simama pale sokoni, sema kwamba karatasi yangu iko nzima. Wewe ni mtu wa ofisi, watasikia."

Nikamwambia nitakuja juma lijalo. Nilimwahidi hivyo, na nikampa mkono.

Nilipiga picha mpya mbele yake, fremu ikiwa imelazwa juu ya meza mbali na dirisha ili kioo kisirudishe mwanga. Programu ilitoa yote manne bila shida. Nilirekebisha tarehe, rangi nyekundu ikaondoka. Nikampeleka kwa mkuu wangu, ambaye alimwomba radhi kwa heshima na kumwelezea kwamba orodha ya miezi mitatu ilikuwa imeshafungwa, na familia zilizokuwa zinachukua chakula kwake zilikuwa zimepelekwa kwenye duka jingine. Angerudi kwenye orodha mwezi wa nne. Mkuu aliniuliza baadaye imekuwaje. Nikasema picha ilikuwa mbaya. Akasema tuwaambie wa Koboko wapige picha vizuri zaidi, na mwenzetu wa Koboko akaandikiwa barua ya kumkumbusha. Aliipokea bila kulalamika. Nilikaa kimya hata hapo.

Katika rekodi ile kila kisanduku hubeba alama ya aliyekijaza, programu au mtu, na kama ni mtu, herufi za jina lake. Mtu yeyote angefungua historia ya rekodi ya yule mama angeona herufi zangu, siku ya Ijumaa ile, saa kumi jioni na dakika zake. Nilikuwa naifungua mwenyewe mara kwa mara, nikiitazama kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Hakuna mwingine aliyeifungua.

Juma lililofuata sikwenda Koboko. Gari la ofisi lilikuwa na safari nyingine, na hiyo nikaifanya sababu, ingawa Koboko si mbali na barabara ni lami; kwa pikipiki yangu nisingekosa saa ya chakula cha mchana nyumbani. Juma la pili kulikuwa na mkutano. Februari nzima nilikuwa na sababu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusimama mbele ya watu wale nikasema leseni ni nzima bila mtu mmoja kuniuliza basi nani alikosea, na nilijua sitathubutu tena kutaja mfumo mbele ya yule mama.

Mwezi wa nne ulipokaribia nikampigia simu kumwambia anarudi kwenye orodha. Simu ilikuwa imezimwa. Nikamwomba mwenzetu wa Koboko aende dukani, naye akanijibu kwamba duka lilifungwa tangu Machi. Yule mama alikuwa ameshajaza unga na maharage kwa ajili ya familia za vocha, familia hazikuja, wateja wa mjini nao wakapungua kwa maneno ya watu, na maharage yakaingia wadudu. Chumba kilikuwa kimepangishwa kwa mtu mwingine.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, kwa pikipiki yangu, bila kumuaga mtu ofisini. Nilipita Maracha huku nikitunga maneno, na nilipofika Koboko yote yalikuwa yamenitoka. Mwenzetu alinielekeza nje ya mji, njia ya vumbi, hadi kwenye nyumba ya binti wa yule mama. Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka akimenya mihogo, mjukuu mkubwa akiosha iliyomenywa. Alinitambua mara moja. Akamwambia mjukuu aniletee kiti na maji ya kunywa, akaendelea kumenya.

Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba siku ile ofisini nilimdanganya. Nilimwambia kwamba kompyuta iliacha kisanduku kitupu, na mimi, kwa haraka na kwa kujiona mjuzi, niliandika tarehe ambayo sikuiona. Nilimwambia kwamba nilijua hilo pale pale alipofungua kitenge, na ndiyo sababu sikuja sokoni.

Kisu chake kiliendelea mpaka mhogo ukaisha. Aliutupa kwenye beseni, akaniangalia.

"Uliandika kitu hukuona."

"Ndiyo, mama."

"Na ile siku mimi nakuuliza, ulikuwa najua."

"Nilijua."

Akafuta mikono kwenye lesu aliyojifunga kiunoni. "Ile ya kuandika nakusamehe leo. Mutu yote nakosea kuandika. Hii ya kunyamaza, ngoja kwanza."

Nilisema nitangoja. Aliniuliza kama nimekula, nikasema sijala, akamwita binti yake, nikaletewa mihogo ya kuchemsha na mboga ya majani yenye simsim, ufuta wa kusaga. Nilikula mbele yake, na chakula kilikuwa kitamu. Nilikuwa nimekuja na barua yenye mhuri wa shirika inayosema kwamba leseni yake haikuwahi kuisha muda na kosa lilikuwa letu. Mkuu wangu aliitia saini Ijumaa, baada ya mimi hatimaye kumfungulia ile historia ya rekodi na kumwonyesha herufi zangu. Aliisoma tarehe na saa ya kisanduku kile, kisha akasema angalipenda kulisikia jambo hilo Januari. Mama yule aliomba nimsomee barua, nikaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kifuani.

Nikamwambia nataka kwenda sokoni kusema alichoniomba. Akasema niende, watu wako pale. Yeye hakunyanyuka.

Kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Katika chumba kilichokuwa duka lake palikuwa pananing'inia viatu vya plastiki vya rangi zote. Nilisimama mbele ya safu ile nikawaeleza wenye maduka mimi ni nani na nimekosea nini, na kwamba karatasi ya yule mama ilikuwa halali siku zote. Walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja muuza dagaa alisema aa, kumbe. Yule wa duka la tatu alisema hata yeye alishangaa wakati ule, maana mama yule alikuwa mtu mwema. Kisha mteja akauliza bei ya sabuni, wakarudi kwenye kazi zao. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale miezi mitatu kama mzigo wa mawe, na pale sokoni hayakuchukua hata dakika tano. Lakini Januari yangekuwa na thamani. Mwezi wa nne hapakuwa na mtu aliyeyahitaji, wala hakukuwa na duka la kuyaokoa.

Tuliliweka jina lake kwenye orodha, na shirika likakubali kumngojea afungue tena. Hakufungua. Alituma neno kupitia kwa mwenzetu kwamba ana shamba la mihogo na macho yake hayawezi tena duka.

Mimi bado nafanya kazi ile ile, sasa kwenye ofisi nyingine karibu na Mvara. Naambiwa kwamba nasumbua watu. Kidole kikifunika pembe ya picha, narudisha. Kivuli kikipita juu ya mwaka, narudisha, hata kama ninauona kwa kukisia. Vijana tunaofanya nao kazi huniambia, lakini mzee, leseni ni miezi kumi na miwili, si uhesabu tu kuanzia siku ya kutolewa? Nawaambia hesabu si kusoma, na karani aliyeandika karatasi ile angeweza kukosea pia. Wengine hucheka. Sijamweleza hata mmoja wao habari za Koboko.

Mwaka jana nilikutana na yule mwenzetu wa zamani mjini Arua, tukanywa chai. Nikamuuliza habari za mama. Alisema yuko, anasali, mjukuu mkubwa amekwenda sekondari. Nikamuuliza kama huwa ananitaja. Akazungusha kikombe chake, akasema mara moja tu mama alimuuliza kama yule mtu wa leseni bado anaishi, naye akamjibu kwamba ndiyo, anaishi. Basi mama akasema, "Vizuri," akaongea mengine.

Nilitaka kumuuliza mama alilisema neno hilo kwa sauti gani, kama ndani yake mlikuwa na ule msamaha alioniambia niungoje. Nikaona hilo nalo ni jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, nikaliacha.